Taslimu kwa punguzo, siku 21 au mali kauli: mzigo mmoja, hesabu tatu

Kila Jumatatu gari la msambazaji hupita mtaani kwetu Mbagala, na kijana wa mauzo hushuka na kitabu chake cha ankara. Wiki hiyo nilitaka mzigo wa shilingi 1,200,000: mafuta ya kula ya 600,000, sabuni ya 400,000, na vitu vipya vya 200,000 ambavyo sikuwahi kuviuza, yaani mafuta ya nywele na krimu za kujipaka. Akanipa njia tatu za kulipa.

| Njia | Ninachotoa leo | Jumla nitakayolipa | Masharti |
|---|---|---|---|
| Taslimu | 1,164,000 | 1,164,000 | punguzo la asilimia 3 |
| Mkopo | 0 | 1,200,000 | ndani ya siku 21 |
| Mali kauli | 0 | 1,260,000 kama yote yatauzika | bei juu kwa asilimia 5, nalipa kila Jumatatu kilichouzwa, kilichobaki kinarudi |

Kabla ya kufungua duka nilikaa miaka kadhaa nikiandika ankara kwa msambazaji mmoja, kwa hiyo upande ule wa meza naujua pia. Jibu la "chukua taslimu, punguzo ni faida" na jibu la "chukua mkopo, hela ya mwenzio haikuumi" yote mawili nimeyaona yakifunga maduka. Jibu langu lilitoka kwenye swali jingine kabisa: kila bidhaa kwenye ule mzigo inakaa rafuni siku ngapi?

Bei ya siku

Tuanze na maana ya punguzo lenyewe. Msambazaji akisema taslimu ni 1,164,000 na mkopo ni 1,200,000, bei halisi ya mzigo ni ile ya kwanza. Shilingi 36,000 zilizozidi ni kodi ya kukaa na hela yake siku 21. Gawa 36,000 kwa 1,164,000 unapata kama asilimia 3.1. Hiyo ni kwa wiki tatu. Kwa mwezi mzima inafika karibu asilimia 4.4.

Kwa hiyo mkopo wa msambazaji una riba, ila haukuandikwa hivyo. Wengine hawasemi hata neno punguzo. Utaambiwa tu dumu la mafuta ni bei fulani, na jirani yako anayelipa papo hapo anauziwa dumu hilohilo kwa bei ya chini. Ndiyo maana mimi huuliza kwa mpangilio: kwanza naomba siku na bei yake, ananitajia, kisha namwuliza, "Na nikikulipa sasa hivi, bei ya mwisho ngapi?" Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo bei ya siku. Ukianza na taslimu, mara nyingi atakupa bei ya kawaida tu na hutajua kuwa palikuwa na nafasi ya kushuka.

Asilimia 4.4 kwa mwezi ni ghali au rahisi? Inategemea hela ingefanya nini kama ingebaki kwako. Kama rafu zimejaa na hela imelala kwenye droo, lipa taslimu, maana droo haizai kitu. Kama kuna wateja wanaondoka mikono mitupu kwa sababu sukari imekwisha, hela hiyo ina kazi bora zaidi kuliko kununua punguzo. Watu hufanya hesabu ya kujidanganya hapa: wanasema "nikibaki na laki nne nitazungusha unga mara nne nitapata faida mara nne." Hiyo ni kweli pale tu ambapo unga wako huwa unapungua. Kama mtaa unakula magunia mawili kwa wiki na wewe tayari unayo mawili, gunia la tatu litakaa.

Siku za karatasi na siku za rafu

Hapa ndipo mkopo wa siku 21 ulipoanza kubadilika sura mbele yangu.

Mafuta yangu ya laki sita huisha kwa wiki moja. Nauza kwa kupima, kibaba na nusu lita, na gari likirudi Jumatatu inayofuata madumu huwa matupu. Sasa msambazaji huyu, kama wengi wao, ana sharti moja ambalo haliko kwenye ofa lakini liko kwenye desturi: ankara ya nyuma ikiwa haijalipwa, mzigo mpya haushuki. Kwa hiyo mafuta niliyopewa kwa siku 21 nitalazimika kuyalipa siku ya 7, la sivyo nikae wiki mbili bila mafuta, na duka la rejareja lisilo na mafuta ya kula linapoteza hata mnunuzi wa chumvi.

Karatasi inasema siku 21, rafu inasema siku 7. Na punguzo nililoliacha ni lilelile, shilingi 18,000 kwenye mafuta peke yake. Yaani ninalipa 18,000 ili nikae na 582,000 kwa wiki moja. Nikirudia kila Jumatatu, kwa wiki nne nimetoa 72,000. Hiyo ni zaidi ya asilimia 12 kwa mwezi, na hakuna mkopeshaji wa mtaani ambaye ningemkubalia bei hiyo nikiwa na akili timamu.

Igeuze hesabu uione kwa upande wa pili. Nikitenga 582,000 mara moja, nikanunua mafuta taslimu, yanauzwa kwa wiki, hela inarudi, nanunua tena taslimu. Ni laki tano na themanini na mbili zilezile zinazozunguka, na kila Jumatatu zinaokota 18,000. Bidhaa inayotoka haraka ndiyo inayolipa vizuri kwa punguzo, kwa sababu punguzo linachumwa kila mzunguko.

Sabuni ni jambo jingine. Ya laki nne hukaa kama siku 18. Gari linapopita Jumatatu ya pili na ya tatu sihitaji sabuni mpya, kwa hiyo hakuna anayenishika shati. Siku ya 21 nalipa, na wakati huo sabuni imeshauzwa yote na kunibakizia siku tatu za kupumua. Hapa siku nilizoandikiwa nazitumia zote. Bei yake ni 12,000 kwa kukaa na 388,000 wiki tatu, ileile ya asilimia 4.4 kwa mwezi, na inaweza kuvumilika.

Vile vitu vipya ndivyo vya kuogopwa. Mimi nilikadiria siku 45 kwa kuangalia krimu nyingine nilizowahi kuweka. Nikivichukua kwa mkopo wa siku 21, siku ya kulipa nitakuwa nimeuza vya kama 93,000 kwa bei ya kununulia. Hizo 107,000 nyingine zitatoka wapi? Zitatoka kwenye mafuta au unga. Hivyo ndivyo duka linavyoanza kukauka bila mwenyewe kuelewa: bidhaa ya haraka inalipia deni la bidhaa ya polepole, wiki ijayo mafuta yananunuliwa nusu, mauzo yanashuka, na deni linalofuata linakuta sanduku jepesi zaidi.

Kutoka Jumatatu hadi Jumatatu

Kabla ya kujibu nilichukua daftari nikaandika wiki moja mbele. Asubuhi ile sanduku lilikuwa na 1,300,000. Duka huuza wastani wa 350,000 kwa siku. Kila siku 100,000 hutoka kwa vitu vidogo: mkate, maziwa, vocha, nauli, chakula cha nyumbani. Kwa hiyo sanduku huongezeka kwa 250,000 kwa siku. Lakini kila siku tano linakuja lori la unga, mchele na sukari, 450,000, na yule mwenye lori hakopeshi mtu. Na Jumamosi ile ilikuwa siku ya kodi ya fremu ya miezi mitatu, 450,000 nyingine.

Nikilipa mzigo wote taslimu, Jumatatu nabaki na 136,000. Mauzo ya Jumatatu na Jumanne yananifikisha 636,000. Jumatano asubuhi lori linachukua 450,000, zinabaki 186,000. Jumatano hadi Ijumaa napanda hadi 936,000. Jumamosi kodi, nashuka hadi 486,000. Mauzo ya Jumamosi na Jumapili yananipeleka 986,000. Jumatatu ya pili magari mawili yanagongana: lori la unga 450,000 na mafuta taslimu 582,000, jumla 1,032,000. Nimepungukiwa 46,000.

Na hiyo ni wiki isiyo na mvua. Mbagala ikinyesha siku nzima mauzo yangu hukatika nusu, kwa hiyo mvua ya siku moja ingeongeza pengo la 175,000. Punguzo la 36,000 lingenifanya nikose gunia la unga.

Nikichukua mzigo wote kwa siku 21, Jumatatu ya pili sanduku lina 2,150,000. Inapendeza sana kuiangalia. Ila mafuta yameisha, na kijana wa mauzo anataka 1,200,000 kabla ya kushusha dumu hata moja. Nikimpa, na lori la unga likachukua lake, nabaki na 500,000. Nimelipa 36,000 kwa mkopo ambao kwa kweli ulikuwa wa wiki moja. Na kuna hatari ya pili ambayo haipigiki hesabu: milioni mbili kwenye sanduku huita matumizi. Ndugu watapiga simu, utaona friji la mtumba, na siku ya 21 haijali.

Njia ya mali kauli kwa mzigo wote inalinda sanduku kuliko zote, lakini mafuta yakiwa ni bidhaa ninayojua itaisha kwa wiki, kulipa asilimia 5 zaidi ili niwe na haki ya kuyarudisha ni kununua mwavuli wa ndani ya nyumba. Nani atarudisha mafuta ya kula?

Nilichoomba

Niliamua kuukata mzigo vipande vitatu. Mafuta taslimu kwa 582,000. Sabuni kwa siku 21 kwa 400,000. Vitu vipya kwa mali kauli, 210,000 kama vyote vitatoka.

Ukilinganisha na kulipa kila kitu taslimu, nimekubali kupoteza 28,000: elfu 12 za sabuni na elfu 16 za vitu vipya. Nilichonunua kwa hiyo 28,000 ni 582,000 kubaki kwenye sanduku. Jumatatu ya pili, baada ya lori na mafuta, nabaki na 536,000 badala ya upungufu. Katika hizo kuna 157,500 nilizotenga kwa ajili ya sabuni na kama 33,000 za krimu zilizouzwa, kwa hiyo zilizo zangu kweli ni kama 345,000. Siku moja ya mvua hainiangushi.

Elfu 16 za vitu vipya zinaonekana nyingi kwa mzigo wa laki mbili. Lakini kama kopo moja tu katika kila matano lingegoma, ningekuwa nimekaa na 40,000 zilizokufa rafuni. Kwa kitu usichokijua, kumwachia msambazaji hatari hiyo kunastahili bei yake. Mzunguko wa pili, ukishajua mafuta yapi ya nywele yanatoka, unavihamishia kwenye mkopo au taslimu na hiyo asilimia 5 unaifuta.

Kijana alikataa kwanza. Mazungumzo yetu yalikwenda hivi:

"Mama, ankara ni moja. Ama taslimu, ama mkopo."

"Mdogo wangu, andika mbili. Moja ya mafuta, nakulipa sasa hivi kwa simu ukiwa umesimama hapa. Ya pili ya sabuni, siku 21."

"Ofisini watasema una deni, Jumatatu siruhusiwi kushusha."

"Ndiyo maana nataka useme nao leo. Nipe kikomo cha laki nne. Deni langu lisipozidi laki nne na halijafika siku yake, mafuta ya taslimu yashuke kila Jumatatu. Likipita siku moja tu, usinishushie kitu."

Akapiga simu. Akarudi akasema sabuni wanakubali siku 14. Nikamwambia sabuni kwangu inakaa siku 18, siku 14 atanikuta sijamaliza na tutaanza kusumbuana. Nikamwonyesha kwenye daftari tarehe nilizonunua sabuni miezi mitatu iliyopita. Akapiga tena, tukabaki kwenye 21.

Neno lililofanya kazi pale ni kikomo. Watu wengi huomba siku nyingi zaidi, na msambazaji anasikia "nitakuchelewesha zaidi." Ukiomba kiwango cha deni kinachozunguka, tena kidogo, unamwambia mwisho wa hasara yake ni wapi. Kule nilikokuwa naandika ankara, mwenye kuidhinisha mikopo hakuuliza duka ni kubwa kiasi gani. Aliangalia mteja amechelewa mara ngapi na kama ununuzi wake unafanana mwezi hadi mwezi. Malipo ya simu yenye tarehe ni ushahidi mzuri. Mimi huyaweka yote kwa namba moja ya simu ili nikihitaji nifungue historia yake.

Jambo lingine nililoliona kule: vijana wa mauzo hawakuwa na mamlaka ya kushusha bei, lakini walikuwa na nafasi kwenye siku na kwenye nyongeza ya katoni, na walikuwa na lengo la mwezi. Tarehe 27 au 28, aliyekuwa hajafikisha lengo alikuwa mpole kuliko tarehe 5. Ombi kubwa lisubirishe hadi siku hizo. Lakini tarehe ya kulipa iombe iangukie tarehe 5 hadi 8, wakati mishahara imetoka na wateja wanalipa madeni yao ya daftari. Siku 21 kuanzia tarehe 16 zinakufikisha pazuri. Siku 21 kuanzia tarehe 2 zinakuangusha tarehe 23, wakati mtaa mzima unanunua sabuni ya kipande.

Yanayoharibika

Sabuni ya mkopo huharibika kwa njia moja: inauzwa, hela inachanganyika, siku ya deni sabuni haipo na hela haipo. Dawa yake kwangu ni kibubu. Kila jioni naweka 22,500, kwa siku 18 zinakuwa 405,000. Na nina kipimo cha haraka ninachokifanya kila Ijumaa: nahesabu sabuni iliyopo rafuni kwa bei ya kununulia, najumlisha na kibubu. Jumla ikiwa laki nne au zaidi, deni limejitosheleza. Ikiwa laki tatu na nusu, 50,000 zimeshaliwa, na ni bora nijue siku ya 5 kuliko siku ya 20.

Mali kauli nayo ina ugomvi wake, na karibu wote hutokana na kutoandika. Kopo likivunjika ni la nani? Kifuniko kikifunguliwa na mteja aliyetaka kunusa je? Vitu vikirudi baada ya miezi miwili vina vumbi, atavipokea? Sisi tuna daftari mbili zinazofanana, moja yangu na moja yake, kila Jumatatu tunahesabu pamoja na kusaini. Tulikubaliana vilivyovunjika dukani ni vyangu, vilivyokuja na kasoro ni vyake, na ambacho hakijauzwa kwa siku 60 anakichukua hata kama hataki. Hilo la mwisho lisipoandikwa, mali kauli hugeuka mkopo polepole: anakuja, anatazama makopo, anasema "acha tu mama, yatauzika," na mwezi wa nne anataka hela yake yote.

Na risiti. Ukilipa taslimu kwa punguzo, risiti ya mashine itoke kwa bei uliyolipa, 582,000, siyo 600,000. Siyo tu kwa ajili ya hesabu za kodi. Siku kijana yule akihamishwa, mgeni ataangalia karatasi, na bei iliyo kwenye karatasi ndiyo utakayoanzia.

Katoni ya bure

Kuna aina nyingine ya punguzo ambayo mimi niliidharau kwa muda mrefu: nunua 20 upate 1. Kwenye sabuni, katoni kwangu ni 40,000 na huchukua 10. Nikichukua 20, napata moja ya bure. Ina maana laki nne nimezitoa siku 18 kabla ya wakati wake, na nimelipwa 40,000. Hiyo ni asilimia 10 kwa siku 18, mara tatu na zaidi ya punguzo la taslimu. Sabuni haiozi. Kama hela ipo na kodi ya fremu haijakaribia, hii ni ofa ya kuchukua.

Lakini usiruke ukachukua 40 upate 2. Katoni 30 za ziada zinasubiri zamu yake, za kwanza siku 18, za katikati 36, za mwisho 54. Kwa wastani umefunga 1,200,000 kwa siku 36 ili upate 80,000, na hapo umeshuka hadi kama asilimia 5.6 kwa mwezi, huku stoo imejaa na panya wamefurahi. Biskuti na juisi za kopo nisingezigusa kabisa kwa mtindo huo bila kusoma tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye katoni, si kwenye kopo la juu tu. Nyongeza kubwa huwa nakuta imefuatana na tarehe iliyo karibu.

Kukopa ili kulipa taslimu

Kama huna ile 582,000 ya kuanzia, je, ukakope? Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinatoza asilimia 5 kwa mwezi. Nikichukua 582,000 nalipa riba ya 29,100, na mafuta yananirudishia 72,000 za punguzo kwa wiki nne. Nabaki na 42,900. Inalipa, lakini kwa mafuta tu, kwa sababu yanazunguka mara nne. Kwa sabuni, kulipa 5 ili kuokoa 4.4 ni kujikamua. Na mikopo ya haraka ya simu nimeipima mara mbili: mara ya kwanza makato yake pamoja na muda mfupi wa kurudisha vilimeza punguzo lote, mara ya pili likabaki kidogo sana. Angalia utakachorudisha kwa shilingi, ulinganishe na punguzo kwa shilingi, kwa siku zilezile.

Kitu kimoja kilinitokea mzunguko wa tatu. Msiba ulitokea nyumbani, nikafunga duka siku nne, na kipimo cha Ijumaa kikaonyesha 310,000. Nilimpigia kijana siku ya 17, siyo siku ya 21, nikamwambia nitampa 300,000 siku yake ikifika na 100,000 Jumatatu inayofuata, na wiki hiyo naye asinishushie sabuni. Akakubali bila kuuliza ofisini, na Jumatatu mafuta yakashuka kama kawaida.